Soko Linaposhuka Mwaka Uliostaafu

Tuchukue mtu aliyeacha kazi nchini Marekani Januari 2000 akiwa na umri wa miaka 45. Ana akiba ya dola milioni 1, na yote ameiweka kwenye mfuko wa hisa unaofuata S&P 500, yaani kampuni kubwa 500 za nchi hiyo. Kila Januari anatoa dola 50,000 za matumizi ya mwaka mzima, na kinachobaki anakiacha kiendelee kuzaa. Mtu huyu nimemtunga, lakini soko nililompa ni la kweli. Pamoja na gawio, hisa hizo zilishuka kwa asilimia 9.1 mwaka 2000, asilimia 11.9 mwaka 2001 na asilimia 22.1 mwaka 2002, baada ya bei za kampuni za teknolojia kuporomoka. Zikapanda miaka mitano mfululizo, kisha mwaka 2008 zikaanguka kwa asilimia 37 mabenki yalipotikisika. Kuanzia hapo hadi 2019 zilipanda kila mwaka isipokuwa 2018.

Mwisho wa 2019, akaunti yake ina takriban dola 273,000.

Sasa tumpe mtu wa pili miaka ileile 20, lakini tuigeuze. Mwaka wake wa kwanza ni faida ya 2019, wa pili ni hasara ya 2018, na kuendelea kurudi nyuma hadi wa mwisho ambao ni hasara ya 2000. Ana dola milioni 1 ileile, na anatoa dola 50,000 zilezile kila mwaka. Anamaliza akiwa na dola 1,846,000.

Wastani wa faida ya watu hawa wawili haukutofautiana hata kidogo. Kama wote wawili wangekuwa bado kazini na wasingegusa akiba, kila mmoja angemaliza na takriban dola milioni 3.24, kwa sababu ukizidisha namba zilezile kwa mpangilio wowote, jibu ni moja. Kilichowatenganisha kwa zaidi ya dola milioni 1.5 ni kwamba walikuwa wakitoa fedha, na mmoja alianza kutoa soko likiwa linashuka. Wataalamu wa fedha huiita hatari ya mpangilio wa faida. Kwa mtu anayetaka kuacha kazi ya mshahara kabla ya wakati, hii ndiyo hatari ya kwanza anayopaswa kuipigia hesabu, kabla hata ya kuuliza mfuko gani unalipa zaidi.

Ukitaka kuona hasara inatokea wapi, hesabu vipande badala ya fedha. Tuseme Januari 2000 kipande kimoja cha mfuko kiliuzwa dola 100, hivyo mstaafu wetu wa kwanza alikuwa na vipande 10,000. Kupata dola 50,000 aliuza vipande 500. Mwaka uliofuata bei ilikuwa dola 90.90, na kwa dola zilezile 50,000 alilazimika kuuza vipande 550. Januari 2002 aliuza 624. Januari 2003, bei ikiwa imefika dola 62 na senti kidogo, aliuza 801. Kwa mara nne tu za kuchota, karibu robo ya vipande vyake ilikuwa imekwenda. Mwenzake wa miaka iliyogeuzwa, katika mara nne hizohizo, aliuza vipande 1,605 kwa jumla na kubaki na karibu 8,400.

Mfugaji aliyepita ukame analijua jambo hili vizuri. Ng'ombe wamekonda, bei mnadani imeanguka, lakini ada na unga vinahitajika vilevile, kwa hiyo anauza wanne ili apate fedha ambazo mwaka jana angezipata kwa kuuza wawili. Mvua ikirudi, majani yanaota kwa wote, ila zizi lake halina tena wa kuzaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, soko lilipopanda kwa asilimia 28.7. Asilimia hiyo ilikuwa moja kwa kila mwenye hisa, lakini mstaafu wetu aliipata juu ya vipande 7,500 tu.

Nimerahisisha hesabu kwa kuacha kodi, ada za mfuko na kupanda kwa bei za vitu. Ukiongeza jambo hilo la mwisho peke yake, picha inabadilika sana. Mstaafu wa kwanza akiongeza matumizi yake kwa asilimia 2.2 kila mwaka, kiwango kilicho karibu na mfumuko wa bei wa Marekani wa miaka hiyo, anaingia mwaka 2017 akiwa na dola elfu chache tu. Ana miaka 62, na akiba imekwisha.

Umri huo ndio unaomtofautisha anayeacha kazi mapema na mstaafu wa kawaida. Anayestaafu akiwa na miaka 65 anahitaji akiba imbebe miaka 25 au 30, na mara nyingi pensheni yake imeshaanza. Anayeondoka akiwa na 45 au 50 anaweza kuishi miaka 40 au zaidi bila mshahara, na miaka 10 au 15 ya mwanzo, ile iliyo hatari zaidi, haina pensheni ya kuishikilia. Tanzania, kustaafu kwa hiari kunaanzia miaka 55 na kwa lazima ni 60. Kenya, mwanachama wa mpango wa mafao anaweza kustaafu mapema kuanzia miaka 50. Anayeacha kazi kabla ya hapo anakula akiba yake mwenyewe kwanza.

Kwa kijana aliye kazini mambo ni kinyume. Soko likianguka akiwa na miaka 28, mchango wake wa kila mwezi unanunua vipande vingi kwa bei ya chini. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kwa miaka 20 kuambiwa asishtuke soko likishuka hupata tabu kubadili fikra anapokaribia kuondoka. Ushauri aliopewa ulikuwa sahihi alipokuwa mnunuzi. Siku anapoacha kazi anageuka kuwa muuzaji.

Swali la kiasi gani mtu atoe kila mwaka lilipata jibu lake maarufu Oktoba 1994. Mshauri wa fedha wa California, William Bengen, alichapisha utafiti uliochukua kumbukumbu za hisa na hatifungani za Marekani tangu 1926 na kuuliza: mtu angestaafu mwaka huu au ule, angeweza kuchota kiasi gani bila kuishiwa ndani ya miaka 30? Hakutumia wastani. Alitafuta miaka mibaya kuliko yote. Jibu lake likawa takriban asilimia 4 ya akiba katika mwaka wa kwanza, kisha kiasi hichohicho cha fedha kikiongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, huko Texas, walifanya hesabu ya aina hiyo na kufikia majibu ya karibu, na tangu hapo asilimia 4 ikasambaa duniani.

Kilichonivutia zaidi katika kazi ya Bengen ni nani aliyeumia kuliko wote. Wengi wangesema ni waliostaafu mwaka 1929, kabla tu ya mdororo mkubwa. Sivyo. Walioumia zaidi ni waliostaafu katikati na mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1930 hisa zilianguka vibaya, lakini bei za vitu nazo zilishuka, hivyo mstaafu alihitaji fedha kidogo zaidi. Waliostaafu miaka ya 1960 walikutana na hisa zilizodumaa na mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 kwa pamoja. Kila mwaka walilazimika kuchota zaidi kutoka kwenye akiba isiyokua. Kwa hiyo unapojiuliza miaka yako ya mwanzo inaweza kuharibika vipi, usiangalie bei za hisa peke yake. Angalia na bei ya unga.

Asilimia 4 ina mipaka ambayo hutajwa mara chache. Ilitokana na miaka 30, si 45. Ilitokana na akiba iliyogawanywa kati ya hisa na hatifungani, nusu kwa nusu au hisa zikizidi kidogo. Na ilitokana na soko la nchi moja ambayo karne ya 20 iliipendelea sana. Hakuna anayeweza kuichukua namba hiyo na kuibandika Nairobi au Dar es Salaam kana kwamba ni kanuni ya maumbile.

Soko la Hisa la Nairobi lenyewe linaeleza kwa nini. Mwisho wa 2021, kipimo cha hisa zake zote kilikuwa karibu 166. Mwisho wa 2022 kilikuwa 127, na mwisho wa 2023 kikafika 92. Ndani ya miaka miwili, karibu nusu ya thamani ilikwenda, bila kuhesabu gawio. Hisa ya Safaricom, iliyokuwa juu ya shilingi 40 mwaka 2021, ilishuka chini ya shilingi 15. Katika kipindi hichohicho mfumuko wa bei Kenya ulipanda hadi asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022. Mwaka 2024 kipimo hicho kilirudi hadi karibu 123. Aliyekuwa kazini alisubiri. Aliyeacha kazi Desemba 2021 na kuishi kwa kuuza hisa zake alipitia, kwa miaka miwili, mambo mawili yaliyowakuta wastaafu wa Marekani wa miaka ya 1960: thamani inashuka, matumizi yanapanda.

Wenye hatifungani na dhamana fupi za serikali wanaweza kudhani hili haliwahusu. Linawahusu kwa njia nyingine. Katikati ya 2024, dhamana ya siku 91 ya serikali ya Kenya ililipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Mwaka mmoja baadaye ililipa karibu asilimia 8. Mtu aliyeacha kazi mwaka 2024 na shilingi milioni 10, akapanga maisha yake juu ya riba ya milioni 1.6 kwa mwaka, aliona mapato yake yakipungua nusu bila mtaji wake kuguswa. Akiendelea kutumia milioni 1.6, anaanza kuula mtaji mapema, na kila shilingi anayoila mwaka wa pili haitakuwepo kulipa riba kwa miaka 30 inayofuata. Hatari ni ileile, imevaa nguo nyingine.

Kenya ina utaratibu unaofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu unaiweka hatari hii yote mikononi mwa mstaafu. Badala ya kuchukua mafao yake na kununua pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima, anaweza kuyaacha kwenye mfuko maalumu na kuchota kidogo kidogo kwa muda usiopungua miaka 10, na kiwango cha juu ni asilimia 15 ya salio kwa mwaka. Wako wanaoisikia asilimia 15 hiyo na kuielewa kama pendekezo. Ni ukomo tu wa sheria, na ukomo huo uko mbali na usalama.

Tufuate hesabu yake. Mtu anaanza na shilingi milioni 10 na kila mwanzo wa mwaka anachota asilimia 15 ya salio. Kilichobaki kinapata faida ya asilimia 10 kila mwaka bila kukosa, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Mwaka wa kwanza anapata shilingi milioni 1.5. Baada ya miaka 10, salio limebaki karibu milioni 5.1 na uchotaji wa mwaka wa 11 ni takriban shilingi 766,000. Bei za vitu zikiwa zimepanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, fedha hizo zinanunua vitu ambavyo siku ya kwanza vingenunuliwa kwa shilingi 430,000 hivi. Kitaalamu hajaishiwa, kwa sababu asilimia ya salio haiwezi kulimaliza salio. Lakini anaishi kwa chini ya theluthi moja ya alivyoanza, na kama aliondoka akiwa na miaka 50, sasa ana 60.

Watanzania walio kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii hawabebi hatari hii kwa pensheni yenyewe, kwa kuwa mfuko ndio unaolipa kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Wanaibeba kwa sehemu ya mkupuo, na kwa akiba yao binafsi: vipande vya UTT AMIS, hisa za Dar es Salaam, hatifungani za miaka 20 na 25. Anayetaka kuondoka kabla ya 55 anaitegemea akiba hiyo peke yake hadi pensheni ianze.

Wapo pia ndugu zetu walioko Marekani, wauguzi na madereva wa malori, wanaopanga kurudi nyumbani wakiwa na miaka 50 kwa akiba iliyoko kwenye akaunti za 401(k). Wana vikwazo viwili vya ziada. Kwa kawaida akaunti hizo hutoza adhabu ya asilimia 10, juu ya kodi, kwa anayetoa kabla ya miaka 59 na nusu, ingawa sheria ina njia kadhaa za kukwepa adhabu hiyo ambazo inafaa kuziulizia mapema. Na fedha yenyewe hubadilika thamani njiani. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilinunua karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilinunua karibu 130. Aliyerudi mwaka huo akitumia shilingi nyumbani alipoteza karibu moja ya tano ya mapato yake bila soko la hisa kumgusa.

Sasa, mtu afanye nini? Kuna mambo matatu yanayofaa, na kila moja lina gharama yake. Tuwarudie wastaafu wetu wa 2000, kwa sababu namba zao tunazo.

La kwanza ni kuweka pembeni fedha za matumizi ya miaka kadhaa, mahali ambapo soko la hisa halifiki: dhamana fupi za serikali, akaunti ya muda maalumu, mfuko wa soko la fedha. Tuseme mstaafu wa kwanza aliweka dola 150,000 pembeni, za miaka mitatu, na 850,000 kwenye hisa, akijiwekea sharti la kuchota kwenye fungu la pembeni kila Januari inayofuata mwaka wa hasara. Fungu hilo lingemvusha Januari 2001, 2002 na 2003 bila kuuza kipande hata kimoja. Hata fungu hilo lisipozaa riba yoyote, na lisipojazwa tena, angemaliza 2019 na dola 427,000 badala ya 273,000. Limesaidia, lakini tuseme ukweli: lilikwisha 2003, na 2008 ilipofika hakuwa na kinga. Kosa la kawaida la mpango huu ndilo hilo. Watu huligusa fungu vizuri sana, kisha soko likipanda hawataki kuuza ili kulijaza tena, kwa sababu wanaona hisa zinalipa vizuri.

Namna iliyo makini zaidi ya jambo hilohilo ni kubadili mgawo wa akiba kabla ya kuondoka. Mwaka 2014 Wade Pfau na Michael Kitces walionyesha kwamba, katika hali mbaya, mstaafu anaweza kunufaika akianza na hisa chache na kuziongeza taratibu kadiri miaka inavyopita. Wengi hulipinga wanapolisikia, kwa kuwa wamefundishwa kuwa mzee apunguze hisa. Mantiki yake ni kwamba bonde la hatari liko miaka mitano kabla na miaka 10 hivi baada ya siku ya kuondoka. Ukilivuka, akiba iliyobaki inahitajika kwa miaka michache zaidi na inaweza kuvumilia mitikisiko. Kwa Mwafrika Mashariki hatifungani ya serikali inafaa kazi hii, kwa kuwa inalipa riba kila baada ya miezi sita kwa tarehe zinazojulikana. Ukinunua zinazokomaa miaka tofauti, unajua mwaka gani mtaji gani unarudi. Udhaifu wake ni kwamba riba haipandi pamoja na bei ya mafuta na sukari, kwa hiyo hatifungani peke yake haimbebi mtu miaka 40.

La pili ni kubadilika katika uchotaji. Mshauri wa Marekani Jonathan Guyton, na baadaye akiwa na William Klinger mwaka 2006, walipendekeza kingo mbili. Kila mwaka unagawanya matumizi yako kwa salio. Ukianza na asilimia 5 na uwiano ukavuka 6, unapunguza matumizi kwa sehemu ya kumi. Ukishuka chini ya 4, unaongeza sehemu ya kumi. Nimempa mstaafu wetu kingo hizo, na matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa macho mawili. Anamaliza 2019 na zaidi ya dola milioni 1, kiasi kile alichoanza nacho. Lakini matumizi yake yanashuka kutoka 50,000 hadi 45,000 mwaka 2002, kisha 40,500, kisha 36,450. Baada ya 2008 yanashuka tena mara mbili, na kufikia 2010 anaishi kwa dola 29,500. Akaunti imepona, lakini nyumbani mwake wamefunga mkanda kwa karibu miaka 20.

Kwa hiyo kingo zinamfaa tu mtu ambaye matumizi yake yana nyama ya kukatwa. Kabla ya kuziamini, andika bajeti yako katika mafungu mawili: yasiyokatika, kama chakula, dawa, ada, bima ya afya na mzazi anayekutegemea, na yanayokatika. Kama yasiyokatika ni dola 42,000 kati ya 50,000, kingo hizi zitakukata mfupa mwaka wa nne. Katika familia zetu fungu la kwanza huwa kubwa kuliko lile la mshauri wa California, na mtu asijidanganye kwamba atakataa simu ya karo ya mpwa wake eti soko limeshuka.

Kuanza na kiasi kidogo zaidi hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mstaafu yuleyule, katika miaka ileile mibaya, angechota 40,000 badala ya 50,000, asingehitaji fungu wala kingo kufika 2019 na dola 867,000. Katika miaka 20 amejinyima jumla ya dola 200,000, na salio limezidi kwa karibu 595,000.

Jinsi ya kujua mapema kama uko kwenye njia mbaya? Ule uwiano wa matumizi kwa salio ndio kipimo bora ninachokifahamu, na kuupata kunahitaji kikokotoo cha simu tu. Mstaafu wetu alianza na asilimia 5. Januari 2001 ulikuwa 5.8. Januari 2002 ulikuwa karibu 7, na Januari 2003 ulikuwa 9.6. Mtu anayechota karibu sehemu ya kumi ya akiba yake akiwa na miaka 48 hana haja ya mtabiri wa soko. Dalili ilikuwepo miezi 24 baada ya kuondoka, wakati alipokuwa bado na ujuzi, na watu wa kazini bado wanamkumbuka. Akisubiri hadi 2010 ndipo ashtuke, ana miaka 55 na pengo la miaka 10 kwenye maelezo yake ya kazi.

Na hapo ndipo linapoingia la tatu, ambalo kwa maoni yangu linawafaa wasomaji wengi zaidi: kutoiacha kazi yote kwa siku moja. Mstaafu wa 2000 alichota dola 150,000 katika Januari tatu za mwanzo. Nimefuatilia zingekuwa wapi kama zingebaki kwenye mfuko: mwisho wa 2019 zingekuwa takriban dola 543,000. Dola 50,000 alizochota Januari 2019, kwa kulinganisha, zingekuwa karibu 66,000 tu mwisho wa mwaka huo. Kwa hiyo tuseme katika miaka mitatu hiyo ya mwanzo angepata kazi ya nusu siku, kufundisha, kuuza vipuri, kushika vitabu vya hesabu vya duka la jirani, ya kumlipa nusu tu ya matumizi yake. Baada ya hapo angechota 50,000 kamili kila mwaka kama kawaida, bila fungu la pembeni na bila kingo. Angefika mwisho wa 2019 na dola 544,000, karibu maradufu ya alichobaki nacho, kwa dola 75,000 alizozipata kwa kibarua kabla hajatimiza miaka 48.